Kuposti picha za harusi bila kumvua mteja sitara: mwongozo kamili wa mpigapicha

Wapigapicha wanaoniuliza kuhusu jambo hili huwa wamekwama pahala pawili. Mmoja ameposti picha nzuri Jumapili usiku, na Jumatatu asubuhi mama wa bibi harusi yuko kwenye simu: "Mwanangu, toa hiyo picha sasa hivi." Mwingine kajihadhari, hakuweka kitu, lakini shangazi na marafiki wa bibi harusi wamezimwaga picha zile zile kwenye stetasi zao na hakuna aliyetaja jina la aliyezipiga.

Chanzo ni kimoja. Ruhusa na ombi la tagi vyote huachwa mpaka picha zishatoka, wakati vilitakiwa viende pamoja tangu siku ya kuandikiana mkataba. Tena vinagongana: ukificha jina la mteja kwenye posti yako, kisha yeye akakutagi kutoka akaunti yake, ile tagi yenyewe inamtambulisha kwa kila anayepitia ukurasa wako. Kwa hiyo huwezi kupanga moja ukaacha la pili.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: harusi ya Kiislamu ya Mombasa ya siku tatu. Usiku wa hina nyumbani Kibokoni, nikaha msikitini, kisha kupamba ukumbini, wanawake peke yao. Nimeichagua kwa sababu bibi harusi yule yule anaonekana amejifunika siku moja na siku ya pili yuko kichwa wazi mbele ya wanawake wenzake, na kanuni moja haiwezi kukidhi siku zote tatu. Ukiimudu hii, harusi ya kanisani Nakuru au sendofu ya Dar es Salaam itakuwa nyepesi.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Mkataba wa kazi, na karatasi ya ruhusa iliyo peke yake, haikufichwa ndani ya mkataba.
- Programu ya kupanga picha yenye lebo za rangi. Mimi natumia Lightroom Classic. Yoyote yenye rangi itafaa.
- ExifTool kwenye kompyuta, programu ya kusoma na kufuta maandishi yaliyomo ndani ya faili ya picha. Ni ya bure.
- Diski ya nje yenye nenosiri, kwa picha ambazo hazitatoka kabisa.
- Akaunti ya kazi ya Instagram, mbali na akaunti yako ya nyumbani.
- Mstari mmoja wa kutaja kazi, uliokwisha kuandikwa, wa mteja kunakili na kubandika. Tutauandika hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Chukua ruhusa kabla ya shughuli, tena kwa madaraja

Usimuulize mteja, "Naweza kuposti?" Atasema ndiyo akiwa anafikiria picha ile moja ya ufukweni. Wewe umesikia ndiyo ya siku tatu. Muulize kwa madaraja manne:

1. Sura na majina yanaweza kuonekana.
2. Sura inaweza kuonekana, majina hapana.
3. Sura hapana. Mikono, nguo, mapambo na mgongo tu.
4. Hakuna kitakachotoka.

Kisha kila shughuli iwe na safu yake. Katika mfano wetu, maharusi wanajaza hivi: hina, daraja la 3. Nikaha, daraja la 2 kwa bwana harusi na la 4 kwa wageni. Kupamba, daraja la 3 kwa jukwaa na nguo, la 4 kwa kila mtu aliyemo ukumbini. Picha za nje za maharusi wawili, bibi harusi akiwa na hijabu yake, daraja la 2.

Bibi harusi aweke sahihi yake na bwana harusi yake. Sahihi ya mmoja haimfungi mwenzake. Posti nyingi hufutwa kwa sababu bibi harusi alikubali wiki mbili kabla ya ndoa, na mume akaiona picha akiwa kazini, akionyeshwa na mwenzake wa ofisini. Kisheria mama hana sahihi hapa, bibi harusi ni mtu mzima. Lakini mimi humwambia bibi harusi mapema, "Mwonyeshe na mama karatasi hii," kwa kuwa atakayepiga simu Jumatatu namjua.

Sababu nyingine ni sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Kutumia picha hiyo kujitangaza kibiashara kunataka ridhaa ya wazi, anayetakiwa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa ni wewe, na aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote. Kwa mtoto, ridhaa hutoka kwa mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya burudani Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi. Tanzania nayo ina sheria yake ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Kuna na jambo ambalo wapigapicha wa Kenya hawapendi kulisikia. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wale wanaosema "picha ni zangu, nimezipiga mimi" bila mkataba wamesimama pabaya. Andika kwenye mkataba nani ana hakimiliki. Na uelewe kwamba hata ikiwa yako, ruhusa ya sura bado ni ya mwenye sura. Ni mambo mawili tofauti.

Onyo: usimpandishie bei anayekataa. Ridhaa iliyobanwa na pesa ni rahisi kuvunjwa, na mteja wa aina hiyo hatakutagi kamwe.

Hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi yenye sahihi mbili na daraja kwa kila shughuli, na ukaweza kuijibu picha yoyote, "hii ni daraja gani?", bila kumpigia mtu simu.

## Hatua ya 2: Zipe picha rangi mara tu zinapoingia

Kwenye Lightroom Classic, kitufe cha 6 hutia nyekundu, 7 njano, 8 kijani. Mimi nazitumia hivi: nyekundu haitoki, njano hutoka bila sura, kijani hutoka na sura.

Anza na nyekundu kwa kila picha ya hina na ya kupamba, zote kwa mkupuo, kabla hujazitazama moja moja. Kisha ndiyo uokoe zile chache zinazostahili njano. Ukienda kinyume, yaani uache wazi zote kisha utafute za kufunga, ipo siku saa saba ya usiku jicho litaruka moja.

Hapa pia jibu swali ambalo familia za pwani huuliza na wapigapicha wengi hulikwepa: nani atazihariri? Kwa kupamba, mpigapicha ni mwanamke, hilo linajulikana. Lakini akimaliza akazipeleka kadi za kumbukumbu kwa mhariri mwanamume, sitara ishavunjika hata kama hakuna kilichopostiwa. Mwambie mteja jina la mhariri, na picha nyekundu zikae kwenye diski yenye nenosiri, zisiwekwe kwenye folda ya pamoja ambayo ofisi nzima inaifungua.

Ukichuja kijani na njano, skrini isionyeshe hata uso mmoja wa ukumbini. Hapo endelea.

## Hatua ya 3: Chagua chache, kisha zisome pembeni

Picha nane zinatosha. Posti ya picha ishirini huna nafasi ya kuikagua sawasawa, na mtazamaji mwenyewe huchoka njiani.

Sasa kazi ya kweli. Ikuze kila picha hadi asilimia 100, anza pembe ya juu kushoto, zunguka mpaka urudi, kisha tafuta kila kinachong'aa. Mtu wa katikati ya picha umeshamtazama mara mia. Hatari iko pale ambapo hukulenga. Haya ndiyo yanayowaponyoka watu:

Kioo. Chumba cha kumpambia bibi harusi kina kioo kikubwa, na picha ya mkono ukifunga kidani inaweza kuonyesha nyuma yake wanawake watatu vichwa wazi. Hata sinia la shaba na kioo cha simu hubeba sura. Picha ya aina hii haitiwi ukungu. Inakatwa mpaka kioo kitoke, au inaachwa.

Hina yenyewe. Wachoraji wengi huficha herufi au jina la bwana harusi katikati ya maua ya kiganja. Umeficha sura, umeficha jina, na jina liko mkononi. Soma hina kama unavyosoma barua.

Kadi ya mwaliko. Ni picha ambayo wapigapicha tunaipenda, iko juu ya kitambaa, kando yake pete na chupa ya uturi. Kadi ina majina ya familia mbili, ukumbi, saa, na mara nyingi nambari za simu za kuthibitisha kufika. Igeuze bahasha juu, au upige pembe moja tu yenye nakshi.

Daftari la ndoa. Mkono ukitia sahihi ni picha nzuri sana. Chini ya mkono kuna majina kamili, nambari za vitambulisho, na pengine mahari. Lenga kalamu, karatasi iwe imepotea kabisa kwenye ukungu wa lenzi. Kama herufi moja inasomeka, ni nyekundu.

Gari na lango. Nambari ya gari la maharusi, lango la nyumba lenye nambari au jina, duka la jirani lenye bango. Kibokoni njia ni nyembamba, mtu wa mtaa huo anautambua mlango kwa nakshi yake peke yake.

Dhahabu. Hili si la aibu, ni la usalama. Picha ya bangili na vidani, pamoja na mtaa, pamoja na habari kwamba maharusi wamesafiri, ni ramani ya mwizi. Dhahabu inaweza kuonekana. Mahali na wakati visionekane pamoja nayo.

Watoto. Mtoto aliyeshika maua mbele ya bibi harusi ana wazazi wake, na karatasi yako haina sahihi yao. Kata picha mpaka atoke, au upate ruhusa yao kwa maandishi.

Kuhusu ukungu na vibandiko vya kufunika sura: ni bora kukata. Anayemjua shangazi atamtambua kwa gauni lake la zambarau hata ukimtia ukungu, maana gauni lile limeonwa na watu mia tatu. Na uso uliofunikwa na kibandiko humwambia mtazamaji kwamba hapa pana mtu asiyetakiwa kuonekana, ndipo maswali yanapoanza.

Kwa video, ongeza sikio. Katika kufungisha nikaha, majina ya maharusi na baba yake bibi harusi hutamkwa wazi, na mahari pia yanaweza kutajwa. Wengi huficha sura zote kisha wakaacha sauti. Nyamazisha sauti ya pale, weka nyingine. Video ya kupamba, hata ya sekunde tano, mimi sitoi; kamera ikigeuka kidogo tu mtu ameingia.

Katika mfano wetu, nane zinazobaki ni hizi: kiganja chenye hina kisicho na herufi, vidole vikifunga kidani bila kioo, mkia wa gauni juu ya jukwaa ukumbi ukiwa bado mtupu, maua, kalamu juu ya daftari lililopotea, bwana harusi akiwa na kanzu na joho, na mbili za maharusi pamoja bustani ya Mama Ngina.

Ijaribu hivi: mpe rafiki asiyehudhuria harusi hiyo picha nane zile kwa dakika mbili, umuulize ni harusi ya nani, ilifanyika wapi, lini. Akijibu hata moja, rudi.

## Hatua ya 4: Toa faili safi

Faili ya picha hubeba maandishi ndani yake: mahali ilipopigwa, majina uliyoyaweka kama maneno ya kutafutia, wakati mwingine jina la mteja. Kamera nyingi kubwa hazina GPS, lakini ukiiunganisha na programu ya simu inaweza kuchukua mahali kutoka kwenye simu bila wewe kuwaza.

Kwenye dirisha la `Export` la Lightroom, sehemu ya `Metadata`, chagua `Copyright Only`. Ukichagua kingine chochote, hakikisha `Remove Person Info` na `Remove Location Info` zina alama. Ukubwa uwe pikseli 1080 kwa 1350, rangi `sRGB`.

Jina la faili nalo ni maandishi. Faili iliyobeba jina la bibi harusi na tarehe ya nikaha haifai. Ipe namba: `hina-01.jpg`.

Kisha pitisha ExifTool ndani ya folda hiyo, amri ya kwanza kusafisha, ya pili kukagua:

```
exiftool -gps:all= -PersonInImage= -Keywords= -Subject= -overwrite_original *.jpg
exiftool -gps:all -PersonInImage -Keywords -Subject -Copyright *.jpg
```

Fanya hivi kwenye nakala za kuposti, si kwenye picha asili. Amri ya pili ikikuonyesha mstari wa `Copyright` peke yake kwa kila faili, umemaliza.

Utaambiwa Instagram hufuta haya yenyewe. Usiitegemee. Faili hiyo hiyo utamtumia mpambaji kwa barua pepe na mteja kwa Google Drive, na huko hakuna anayekusafishia.

## Hatua ya 5: Mwonyeshe mteja kabla ya dunia

Ruhusa ya mkataba ilitolewa kabla picha hazijakuwepo. Sasa zipo, muulize tena. Mtumie zile nane pamoja na maneno utakayoandika, si kionjo cha moja:

"Assalaam aleikum dada, na hongera tena. Hizi ndizo picha nane ninazoomba kuposti kwenye ukurasa wa kazi, bila majina na bila ukumbi, kama tulivyoandikiana. Tafadhali zitazame wewe na mume wako. Ukitaka moja itoke, niambie namba yake tu, sihitaji sababu. Sitaposti mpaka unijibu."

"Sihitaji sababu" iache ilivyo. Mtu huona haya kusema, "mama mkwe hapendi ile ya mgongo," na badala ya kusema atakaa kimya. Kimya si ruhusa. Mkumbushe mara moja baada ya siku tatu nne, na asipojibu acha.

Posti yenyewe isubiri mpaka maharusi warudi kutoka fungate. Wiki mbili ni muda wa kawaida. Najua mpambaji ameshaposti usiku ule ule na wewe unaona umechelewa, lakini nyumba iliyoachwa tupu yenye zawadi ndani haitangazwi.

## Hatua ya 6: Andika maneno yanayosifu kazi, si watu

Maelezo ndiyo huharibu yaliyofichwa na picha. "Hongera kwa kipenzi chetu binti wa Mzee fulani" inabomoa hatua tano zilizopita. Usitumie ile alama ya reli ya harusi yenye majina mawili yaliyounganishwa, kwani kwa kuibofya tu mtu anafika kwenye picha za wageni wote.

Andika kuhusu kazi. Mfano:

"Harusi ya siku tatu, Mombasa. Hina ilipigwa kwa mwanga wa dirisha moja tu, bila flashi, ndiyo maana rangi imebaki kahawia yake. Jukwaa tulilipiga dakika ishirini kabla ya milango kufunguliwa. Maharusi wametukubalia kuonyesha hizi nane. Nyingine zote ni zao. Ukihitaji mpigapicha mwanamke wa kupamba, tuandikie ndani."

Angalia sentensi ile ya "nyingine zote ni zao". Hiyo humwambia mteja ajaye kwamba zake pia zitasitiriwa, na kwa familia nyingi za huku hilo ndilo linaloleta kazi. Kwa uzoefu wangu, mama anayekutafuta kwa ajili ya binti yake hutazama kwanza ni nini hukukionyesha.

## Hatua ya 7: Omba tagi mapema, na kwa kipimo cha ruhusa

Wateja hawakatai kutagi. Wanasahau, au hawaikumbuki akaunti yako kwa herufi zake, na wakati wenyewe ni usiku wa kwanza walipopokea picha chache za haraka kwenye WhatsApp. Ukiomba wiki tatu baadaye, picha zishazunguka. Kwa hiyo ombi liende na picha za kwanza kabisa, kwenye ujumbe ule ule, na mstari wa kunakili uwe peke yake kwenye ujumbe wa pili ili aubonyeze na kuunakili bila kukata maneno:

"Dada, hizi ni chache za kuanzia. Ukiziweka popote, naomba ubandike mstari unaofuata. Si lazima, na usipotaka watu wakufikie kupitia ukurasa wangu, taja jina la kazi bila kutagi, inatosha."

Kisha ujumbe wa pili:

"Picha: @jinalakazi, Mombasa"

Sasa ule mgongano niliosema mwanzo. Kuandika @ kwenye maelezo na kutagi juu ya picha si kitu kimoja. Kutagi juu ya picha kwa `Tag people` huiweka posti ya mteja kwenye ukurasa wako, sehemu ya picha ulizotagiwa, ambapo mtu yeyote anaiona na akibofya anafika kwake. Kumtaja kwa maelezo hakuiweki hapo. Kwa hiyo ombi lifuate daraja alilojaza:

Daraja la 1, mwombe atagi juu ya picha, na wewe unaweza kumtagi. Daraja la 2 na la 3, mwombe mtajo kwenye maelezo tu, na wewe usimtagi kabisa, hata akikutagi yeye kwanza. Daraja la 4, usiombe kitu. Akikutaja kwa hiari yake, mshukuru kwa ujumbe wa ndani. Usiandike "asante mpenzi" chini ya posti yake, maana hapo umeonyesha ulikuwa kwenye harusi gani.

Jilinde na upande wako pia: kwenye `Tags and mentions` washa `Manually approve tags`. Mgeni wa kupamba akikutagi kwenye picha aliyoiba kwa simu, haitokei kwenye ukurasa wako mpaka uikubali. Usiikubali. Mwarifu bibi harusi kimya kimya, ni haki yake kujua.

Akaunti ya mteja ikiwa imefungwa, tagi yake wataiona wafuasi wake tu. Si hasara. Hao ndio binamu na marafiki wanaoolewa mwakani. Lakini usipige picha ya skrini ya posti yake ukaiweka kwenye stori yako. Aliifunga akaunti kwa makusudi.

Kwa stetasi ya WhatsApp, ambako picha nyingi za huku huishia, watu hupakua na kupeleka mbele, na maneno hubaki nyuma. Hapo weka jina la kazi dogo pembeni mwa picha zile za haraka, chini kulia, jeupe lililofifia. Za albamu usiziwekee. Mteja alilipia picha safi.

Na wale mliofanya kazi pamoja: mpambaji, mchora hina, mwenye mapambo ya ukumbi. Nao wanataka picha, na tagi zao zina faida kuliko za mteja kwa kuwa wafuasi wao ni maharusi watarajiwa. Wape kutoka zile nane pekee, na ujumbe: "Hizi zimeruhusiwa bila majina na bila ukumbi. Tafadhali msimtagi bibi harusi." Mpambaji akisema anataka ya uso ili kuonyesha kazi yake, mpe namba ya bibi harusi aombe mwenyewe, kama bibi harusi amekubali namba yake itolewe.

Utajua ombi limefanya kazi ukianza kupata ujumbe wa "nimeona kazi yako kwa rafiki yangu", na hakuna mteja aliyelalamika kwamba watu wasiomjua wameanza kumfuata.

## Hatua ya 8: Bonyeza, lakini tazama visanduku vinne

Kwenye ukurasa wa mwisho wa kuposti:

- `Add location`: andika Mombasa, au acha tupu. Jina la ukumbi hapana.
- `Tag people`: wenzako wa kazi tu, isipokuwa daraja la 1.
- Kushirikisha Facebook: kizime kama mteja hakukubali Facebook. Huenda kimewashwa tangu siku ulipoziunganisha akaunti, na wazee wa familia wako huko.
- Maelezo ya picha kwa wasioona: "Kiganja chenye hina ya kahawia juu ya kitambaa cheupe", bila jina.

Kaa na simu saa mbili za mwanzo. Balaa haliji kwenye posti, huja kwenye maoni: "Mashallah, si huyu ni wa kina fulani wa Kibokoni?" Futa maoni hayo upesi, kisha umwandikie aliyeandika kwa upole kwamba familia haijapenda majina. Atakuelewa, mara nyingi ni jamaa yao.

## Hatua ya 9: Ukiambiwa "toa"

Jibu la kwanza ni "sawa", swali halipo. Ruhusa iliyotolewa inaweza kuondolewa, hata mwaka ukipita, hata baada ya talaka, na hapo ndipo maombi mengi hutoka.

Ukifuta posti kwenye Instagram, inakaa `Recently deleted` hadi siku 30. Ingia huko uifute kabisa. Kisha pita stori ulizozihifadhi kwenye ukurasa, nakala ya Facebook, tovuti, katalogi ya WhatsApp Business, na tangazo lolote la kulipia lenye picha hiyo. Tangazo huendelea kwenda hata ukiwa umeshasahau. Waandikie mpambaji na wengine uliowapa, uwaombe wafute na wakujibu wakishafuta. Nakala zilizopakuliwa na watu huwezi kuzirudisha, na jambo hilo liwe limeandikwa wazi kwenye karatasi ya ruhusa tangu mwanzo ili mteja asidhani unazembea.

Ukimaliza, mtumie orodha ya sehemu ulikofuta na saa. Usimwombe afikirie tena, usimuulize kulikoni. Rudi Lightroom, zichague zile nane, kitufe cha 6.